Karafuu Haipaswi Kusikika: Mhadhara kwa Wachanganyaji wa Manukato

Assalamu alaykum. Historia ya mkarafuu mnaijua kuliko mimi, kwa hiyo sitaigusa. Nimekuja na neno ambalo wengine wenu mmeshanisikia nikilirudia mpaka mkachoka, nami nitalirudia tena kwa sababu chupa ninazoletewa hazijabadilika: karafuu huwekwa ndani ya manukato ili ipashe moto harufu nyingine, na siku inapoanza kunuka yenyewe, kazi imekwisha haribika.

Nitawapa mfano mmoja. Binti mmoja aliniletea chupa ya mililita 10, mchanganyiko wa langilangi na waridi aliomtengenezea bibi harusi. Alipofungua kifuniko, chumba kizima kilinuka kama kwa daktari wa meno, na hilo si ajabu, kwa kuwa yujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, ndiyo hiyo hiyo wanayochanganya na unga wa zinki kuzibia meno. Bibi harusi alikuwa amevimba vipele vyekundu shingoni, pale alipopaka. Nikamuuliza binti ametia matone mangapi ya karafuu, akanijibu, "Ishirini tu, mwalimu." Mililita moja ina takriban matone 20, kwa hivyo chupa ile ilikuwa na matone 200, na matone yake 20 ni asilimia 10 kamili. Mimi sivuki tone moja kwa chupa kama ile, yaani nusu ya asilimia, na mara nyingi naishia nusu ya hapo.

Mtasema nusu ya tone haipimiki. Inapimika. Chukua tone moja la karafuu uchanganye na matone 9 ya spiriti ya manukato, au ya mafuta unayotumia kama msingi, kisha tia matone 5 ya mchanganyiko huo katika chupa yako. Tulifanya hivyo pamoja, yeye na mimi, kwa langilangi na waridi lile lile, tukaongeza vanila kidogo na msandali chini yake, tukachovya karatasi na kuiacha mpaka asubuhi. Waridi lilikuwa limenenepa, limekuwa kama ua lililokaa juani, na hakuna aliyeweza kuitaja karafuu. Sababu ni kwamba mafuta ya waridi yenyewe yana yujenoli kidogo tangu kwenye ua, basi karafuu ikiingia kwa kiasi hicho, waridi huipokea kama ndugu.

Najua kuna anayesema moyoni kwamba bibi zetu walitia karafuu kwenye singo wala hawakuvimba. Ni kweli, lakini bibi alitwanga karafuu nzima, ambayo mafuta ni sehemu yake ndogo tu, akaichanganya na maua na liwa, akasugua mwili kisha ikaoshwa. Wewe unatia mafuta matupu, nayo yanakaa shingoni kutwa. Huko Ulaya, tangu sheria ya mwaka 2003, manukato ya kupaka yakiwa na yujenoli inayozidi asilimia 0.001 ni lazima jina lake liandikwe kwenye chupa, ili wanaodhurika wajue.

Jambo jingine kuhusu chupa ile: muuzaji alimwambia binti kwamba mafuta anayonunua ni ya karafuu, kumbe yalikuwa ya makonyo, vile vijiti vinavyoshika karafuu. Makonyo nayo hutoa mafuta, na kiwandani Pemba hukenekwa siku zote, ila harufu yake ni kavu na kali, haina ule utamu wa tunda bivu ulio kwenye karafuu yenyewe. Wala msijidanganye kwa kudondosha tone majini; yote mawili huzama. Nusa kwenye karatasi baada ya saa moja. Na mafuta yakiwa meusi au ya zambarau, ujue yamekaa kwenye chombo cha chuma.

Mdalasini nitauendea mbio. Mafuta ya gome yanachoma ngozi kuliko karafuu, nami siyatii kabisa katika manukato ya kupaka. Mafuta ya majani, kinyume chake, sehemu yake kubwa ni yujenoli, kwa hiyo ukitia tone la karafuu na tone la majani ya mdalasini umetia karafuu mara mbili, na hesabu yako lazima iyajumlishe.

Iliki inahitaji mhadhara wake. Kwa leo shikeni hili: mwanzo wake ni wa baridi, kwa ajili ya sineoli, ile ile iliyomo kwenye mkaratusi, na joto lake huja baada ya ubaridi huo kupaa. Basi chupa yenye iliki msiihukumu dakika ya kwanza mkaongeza karafuu. Yule binti alifanya hivyo wiki iliyofuata, na tukaanza upya.