Toni Mbili Ndani ya Mkoromo Mmoja: Mhadhara Kuhusu FSK

Habari za jioni. Kabla sijaandika kitu ubaoni, naomba msikilize hii kwanza. Naisogeza simu kwenye maikrofoni.

Mmesikia? Mkoromo wa nusu sekunde hivi, kama mtu anachana shuka. Niliurekodi kwa redio ndogo ya mkononi, masafa 145.825 MHz, Kituo cha Kimataifa cha Anga kilipopita juu yetu. Kwenye kituo kile kuna redio ya ridhaa inayopokea ujumbe mfupi kutoka ardhini na kuurudisha chini, na mtu yeyote mwenye redio ya bendi hiyo anaweza kuusikiliza. Ndani ya mkoromo ule mna biti kama mia sita, na jioni ya leo tutazitoa.

Mkoromo wenyewe una toni mbili tu: moja ya hezi 1200, nyingine ya hezi 2200. Sikilizeni ya kwanza peke yake. Na hii ya pili, nyembamba zaidi. Zikipishana polepole, sikio linazitenganisha bila taabu. Hapa zinapishana mpaka mara 1200 kwa sekunde, ndiyo maana tunasikia kitambaa kikichanika. Hizi ni toni za modemu ya zamani ya simu ya Kimarekani iliyoitwa Bell 202. Waya wa simu ulipitisha sauti za kati ya hezi 300 na 3400 hivi, kwa hiyo toni zote mbili zilipita kwa raha. Watu wa redio wakazirithi, na hata leo redio yoyote inayopitisha sauti ya mtu inaweza kuzibeba. Mbinu hii ya kuifanya data ichague masafa ndiyo FSK.

Wengi wanadhani 0 ni toni moja na 1 ni toni nyingine, basi. Kwa modemu ya simu ilikuwa hivyo: 1 ni 1200, 0 ni 2200. Lakini katika mkoromo huu kuna ujanja mmoja. Biti ikiwa 0, toni inabadilika. Ikiwa 1, toni inabaki ilivyokuwa. Tuchukue alama inayofungua kila ujumbe, 01111110. Tuseme tulikuwa kwenye 1200. Ile 0 ya kwanza inaturusha kwenda 2200. Zile 1 sita zinatuacha palepale. 0 ya mwisho inaturudisha 1200. Kwa hiyo alama hiyo inasikika kama 2200 kwa muda wa biti saba, kisha 1200. Faida yake? Hata kama mahali fulani njiani toni zimebadilishana nafasi, ujumbe haudhuriki, maana tunachosoma ni mabadiliko. Na ili mabadiliko yasikose, mtumaji akiona 1 tano zimefuatana ndani ya ujumbe anachomeka 0 ya bure, na mpokeaji anaitoa. Hiyo 0 ya bure tutaihitaji baadaye.

Sasa upande wa kutuma. Biti moja inakaa sehemu ya 1200 ya sekunde, yaani milisekunde 0.83. Toni ya 1200 inapata mzunguko mmoja kamili ndani ya muda huo. Toni ya 2200 inapata mzunguko mmoja na sehemu tano za sita. Haimalizi! Muda wa biti unakatika wimbi likiwa bado bondeni. Ukiwa na vyanzo viwili vya sauti na swichi katikati, kila ukihama unaruka kutoka kimo kimoja kwenda kingine, na mruko huo ni mlio wa "ta!" unaomwaga nguvu kwenye masafa usiyoyataka. Chanzo kiwe kimoja, nawe ubadilishe mwendo wake tu, kama dereva anayeongeza mafuta bila kushuka garini. Wimbi linaendelea lilipofikia, ila sasa linakimbia zaidi.

Tuje kwenye kupokea, ndiko nilikotaka tukae. Njia ya kwanza inayomjia kila mtu kichwani ni kupima muda kati ya wimbi kuvuka sifuri na kuvuka tena. Nusu mzunguko wa 1200 ni mikrosekunde 417. Wa 2200 ni 227. Weka mpaka kwenye 300 hivi, umemaliza. Mezani kwako, waya kwa waya, inafanya kazi vizuri sana. Ikija kelele ya redio, wimbi linatetemeka karibu na sifuri na kuvuka mara tatu mahali pa mara moja, na hesabu yote inakufa.

Njia inayovumilia kelele ni hii. Fikirini mtoto kwenye bembea. Ukimsukuma kwa mdundo wa bembea yenyewe, kila msukumo unaongeza. Ukimsukuma kwa mdundo mwingine, mara unaongeza mara unapunguza, na mwishowe bembea haiendi popote. Kipokezi kina bembea mbili, moja ya 1200 na nyingine ya 2200. Kinazisukuma zote kwa sauti ileile iliyoingia, kisha kinatazama ipi imepanda juu. Kelele inasukuma ovyo, kwa hiyo sehemu kubwa yake inajifuta yenyewe.

Kwa hesabu, kusukuma ni kuzidisha na kujumlisha. Kompyuta ikipima sauti mara 48,000 kwa sekunde, biti moja ina sampuli 40. Tazameni skrini, hapa `x` ni hizo sampuli 40:

```python
import numpy as np
t = np.arange(40) / 48000

def nguvu(x, f):
    c = np.dot(x, np.cos(2*np.pi*f*t))
    s = np.dot(x, np.sin(2*np.pi*f*t))
    return np.hypot(c, s)

toni = 1200 if nguvu(x, 1200) > nguvu(x, 2200) else 2200
```

Mtaniuliza kwa nini tunazidisha mara mbili, kwa kosaini na kwa saini. Ni kwa sababu hatujui wimbi lilianzia wapi lilipotufikia. Likianzia mahali pabaya, moja ya hizo mbili inatoa sifuri hata kama toni ni ileile tunayoitafuta. Ikianguka moja, nyingine inasimama, na ukiziunganisha unapata jibu la kutegemewa popote wimbi linapoanzia.

Nilijaribu kwa toni safi yenye kimo cha 1. Toni ya 1200 ikiingia, bembea ya 1200 inasoma 20. Bembea ya 2200 je? Haisomi sifuri. Inasoma kati ya 3 na 5 hivi, kutegemea wimbi limeanzia wapi. Sababu ni kwamba toni hizi zimepishana kwa hezi 1000 ilhali biti ni 1200 kwa sekunde, kwa hiyo ndani ya biti moja hazipati nafasi ya kuachana kabisa. Kama ya juu ingekuwa 2400, bembea isiyohusika ingesoma sifuri kamili. Waliohifadhi programu za kompyuta kwenye kaseti miaka ya 1970 walitumia 1200 na 2400. Sisi tumerithi 2200, tunaishi nayo. Ishirini dhidi ya tano bado ni ushindi.

Lakini kipokezi hakijui biti inaanzia wapi. Kwa hiyo dirisha la sampuli 40 linateleza, sampuli moja baada ya nyingine, na kila mara bembea mbili zinalinganishwa. Pale ushindi unapohama kutoka moja kwenda nyingine, kipokezi kinasema: hapa ni mpaka wa biti. Kinarekebisha saa yake kidogo, kisha kinasoma katikati ya kila biti mpaka mpaka mwingine utokee. Mnaona sasa kazi ya ile 0 ya bure: bila mabadiliko saa inapotea.

Na hapo kwenye mpaka ndipo mimi nilipoumia. Nilipoanza, nilichukua sauti kwenye tundu la spika ya masikioni. Kituo cha jirani kilikuwa kinasikika kikubwa, hakina kelele hata chembe, na kompyuta haiandiki kitu. Vituo vya mbali, vyenye mikwaruzo, nilivisoma! Jioni mbili nzima nalaumu programu.

Kumbe tatizo lilikuwa kimo cha toni. Kelele za FM zimejaa upande wa sauti nyembamba, kwa hiyo redio ya mazungumzo inazikuza sauti nyembamba inaporusha na kuzishusha inapopokea. Jirani yangu alikuwa anaingiza toni moja kwa moja kwenye hatua ya kurusha, bila kukuzwa. Redio yangu ikazishusha vilevile. Toni ya 2200 ikanifikia na kimo cha 0.55 tu cha mwenzake.

Mtu atasema, si bado 11 inashinda 3? Katikati ya biti, ndiyo. Mpakani, hapana. Toni zikilingana, ushindi unahama dirisha likiwa nusu kwa nusu. Kwa 0.55, toni ya 2200 haishindi mpaka iwe imeshika kama asilimia 65 ya dirisha. Inachelewa kuingia kwa asilimia 15 ya biti, na ikitoka inashindwa mapema kwa kiasi hichohicho. Biti ya milisekunde 0.83 inaonekana kama ya 0.59. Saa ya kipokezi inavutwa huku na kule, na itifaki hii hairekebishi makosa: biti moja ikikosewa, zile biti 16 za ukaguzi mwishoni hazikubali na ujumbe wote unatupwa kimyakimya. Ndiyo maana skrini ilikuwa tupu.

Dawa yake ni kuzidisha `nguvu(x, 2200)` kwa 1.8 kabla ya kulinganisha. Au kuchukua sauti kwenye pini ya data nyuma ya redio, kabla haijashushwa. Ila ukirekebisha kwa jirani mmoja unamharibia mwingine ambaye toni zake zilikuwa sawa. Programu ya Dire Wolf inaweza kulinganisha kwa vizidisho kadhaa kwa wakati mmoja na kupokea jibu lolote linalopita ukaguzi. Naipenda njia hiyo kwa sababu haikisii.

Naona mkono pale nyuma. Dada, karibu.

Anauliza: kituo cha anga kinakimbia karibu kilomita 7.7 kwa sekunde; je, mwendo huo haubadilishi toni, kama honi ya basi linalopita? Swali zuri. Unabadilisha, ila kwa uwiano. Wimbi kubwa la 145.825 MHz linasogea kwa zaidi ya hezi 3000 kituo kinapochomoza. Toni ya 1200, kwa uwiano uleule, inasogea kwa chini ya sehemu ya kumi ya hezi moja. Toni zetu zimepanda juu ya wimbi la FM, na FM inazitoa jinsi zilivyo mradi wimbi kubwa limo ndani ya mlango wa redio. Kama toni zingerushwa zenyewe bila FM, zote mbili zingehama pamoja kwa hezi 3000 na bembea zetu zisingesikia kitu. Kwa hiyo kituo kikichomoza weka redio juu kidogo ya 145.825, kikiwa utosini rudi katikati, kikizama shuka chini kidogo. Una kama dakika kumi, na usiitumie ile sauti ya spika.