Boksi mia za amlodipini kwa bei ya chini: tuchukue?

Ilunga: Mama Ngoie, depo imetuma barua pepe kwa wenye famasi hapa Lubumbashi. Amlodipini, ile dawa ya tansio, ya miligramu 5, boksi la vidonge 30, imeshuka kutoka dola 2 hadi dola 1.50. Sharti ni kuchukua boksi 100 na kulipa ndani ya siku 30.

Mama Ngoie: Na tarehe ya kuisha?

Ilunga: Iko chini kabisa: mwezi wa 10 mwaka huu. Sasa tuko mwanzoni mwa mwezi wa 6.

Mama Ngoie: Basi dawa inatumika hadi tarehe 31 ya mwezi wa 10. Lakini mgonjwa wa tansio anameza kidonge kimoja kila siku, boksi linamchukua mwezi mzima. Ukimuuzia katikati ya mwezi wa 10, nusu ataimeza imeshapita tarehe. Mwisho wako wa kuuza ni mwezi wa 9.

Ilunga: Kwa hiyo nina miezi minne. Tuseme famasi inauza boksi 20 kwa mwezi, ni 80.

Mama Ngoie: Hujaangalia rafu. Ukiwa na boksi 20 za zamani zinazoisha mwezi wa 9, hizo ndizo zinatoka kwanza. Mzigo mpya unabakiwa na nafasi ya boksi 60. Umelipa dola 150 kwa 100, umeuza 60: kila boksi limekugharimu dola 2.50. Bei ya kawaida ilikuwa 2!

Ilunga: Eh, mama! Na deni?

Mama Ngoie: Hapo ndipo wengi wanaumia. Siku 30 zinahesabiwa tangu tarehe ya fakture, si tangu katoni ifike. Mwezi wa 6 wote unauza zile za zamani. Siku ya kulipa inafika, na katika mzigo mpya hujauza hata boksi moja.

Ilunga: Mimi ningejibu vipi?

Mama Ngoie: Omba boksi 50 kwa bei hiyo hiyo, siku zianze kuhesabiwa mzigo ukipokelewa, na waandike kama wanarudishiwa zisizouzwa, na mwisho wa kurudisha ni lini. Ahadi ya kwenye simu usiitegemee. Waulize pia: mzigo uko depo, au bado uko Kasumbalesa? Wengine wanaandika "ipo" wakati lori halijavuka mpaka, na kila wiki ya kungoja inakula tarehe yako.

Ilunga: Na mzigo ukifika?

Mama Ngoie: Fungua katoni mbele ya dereva, kabla ya kusaini. Nambari ya loti na tarehe vilingane mahali pote: kwenye boksi, kwenye karatasi ya vidonge ndani, kwenye fakture. Katoni moja inaweza kuchanganya loti mbili, kwa hiyo usiangalie boksi la juu tu. Ukikuta loti ambayo haiko kwenye fakture, iandike kwenye karatasi ya kupokea, dereva asaini, na umrudishie boksi zile palepale.