Mteja Akisema "Nisomee Prufu Tu": Jinsi ya Kupima Mswada na Kupanga Bei

Habari zenu wapendwa, karibuni. Narekodi hapa Dodoma na upepo leo umeamka, mkisikia dirisha linagonga mnivumilie.

Leo tunapima mswada. Huu hapa kwenye skrini ni mwongozo wa kilimo cha zabibu, maneno 20,000, na mwenyewe ameandika, "Nisomee prufu tu, wiki ijayo naenda kuchapa." Usitaje bei bado. Fungua faili, idadi ya maneno iko pale chini kushoto, iandike pembeni. Tunaendelea.

Sasa chukua maneno 1,000 ya sampuli. Yachukue KATIKATI. Usichukue mwanzo, jamani! Sura ya kwanza mwandishi ameisafisha na ndugu zake wote wameisoma. Ukipima kwa sura ya kwanza utataja bei ya kazi nyepesi, kisha sura ya nne ikuumize. Mimi nachukua ukurasa wa 31.

Subirini, maandishi hayaonekani vizuri. Navuta karibu... haya. Someni hapa: "Baada ya kukata matawi mkulima asubiri, alafu anyunyizie dawa ya ukungu. Shimo liwe sentimita 45."

Anayesoma prufu anaona "alafu", anaweka "halafu", anasonga mbele. Kazi yake inakuja mwisho kabisa, kurasa zikishapangwa tayari kwa mtambo. Anakagua makosa ya chapa, namba za kurasa, yaliyomo kama yanalingana na vichwa vya ndani, na maneno yaliyokatwa vibaya mwisho wa mstari. Hili la mwisho linatusumbua sana kwenye Kiswahili: programu ikiachwa kwenye mipangilio ya Kiingereza, "wananchi" inakatwa "wan-anchi". Mswada huu haujapangwa kurasa, kwa hiyo prufu ya kusoma bado haipo.

Mhariri wa lugha anaona zaidi. Ukurasa wa 12 unasema "kupogoa", hapa ni "kukata matawi". Kule shimo ni futi mbili, ambazo ni kama sentimita 61, hapa ni 45. Achague yeye? Hapana! Anaweka swali pembeni na kumwachia mwandishi aamue, maana mwenye shamba ndiye anayejua. Anasawazisha pia sentensi, upatanisho wa ngeli na istilahi, na maamuzi yake anayaandika kwenye karatasi ya mtindo ili sura ya kwanza na ya mwisho zifanane.

Halafu angalieni hiki, mimi ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Kunyunyizia dawa kuko sura ya tatu, kuchimba mashimo na kupanda kuko sura ya tano! Na Dodoma tunavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, lakini kalenda yake ina msimu mmoja. Hayo si makosa ya lugha. Huo ni uhariri wa kina: kupanga sura upya, kuonyesha pengo, kumwandikia mwandishi barua ya mapendekezo, kisha yeye anaandika upya. Lazima utangulie. Ukinyoosha koma leo kwenye aya itakayofutwa kesho, umemla mteja hela yake bure.

Bei sasa. Washa saa, hariri ile sampuli ya KATIKATI. Tuseme unataka shilingi 10,000 kwa saa. Uhariri wa lugha kwenye sampuli hii umechukua saa mbili pamoja na kuirudia, kwa hiyo ni 20,000 kwa maneno 1,000, na mswada mzima ni 400,000. Prufu kwa kawaida inanichukua nusu saa kwa maneno 1,000, basi ni 100,000. Uhariri wa kina sitozi kwa neno. Nakadiria saa za kusoma yote, kuandika barua na kusoma marekebisho mara moja. Hapa naona saa 40, yaani 400,000. Bei zako weka kwa kasi yako, usininakili.

Mteja huyu atashtuka, alikuja na 100,000 kichwani. Usipunguze bei ukabaki na kazi ileile, punguza kazi. Mpe barua ya mapendekezo peke yake kwanza, alipie hiyo.

Na kwenye makubaliano andika usichofanya. Mimi naandika hivi: "Nitahariri lugha ya maneno 20,000 kwa mzunguko mmoja, na kupitia majibu ya mwandishi. Sitapanga sura upya wala kuthibitisha takwimu za kitaalamu. Maneno yatakayoongezwa baada ya hapo yatalipiwa kwa kiwango hikihiki."

Mwanafunzi akikuletea tasnifu, muulize kwanza kama msimamizi wake anaruhusu mhariri, na mpaka kiwango gani. Uhariri wa kina kwenye tasnifu mimi sifanyi.

Nusu ya malipo ichukue kabla ya kuanza, na faili la asili lihifadhi bila kuligusa.