Fedha za wafadhili za miradi mitatu: namna ya kuhamisha ovahedi bila kujikaanga

Haya, karibuni. Leo leja moja, miradi mitatu: Maji, Elimu na Afya. Jedwali mnaloliona ninaliuza, sifichi, lakini ukilitazama vizuri utalichora mwenyewe kwa dakika kumi.

Fedha zimeingia mapema: Maji 60,000, Elimu 40,000, Afya 20,000. Jumla 120,000, zote kwenye akaunti moja ya benki ya miradi. Debiti benki, krediti "fedha za wafadhili zilizopokelewa kabla", kila mradi na msimbo wake. Hiyo ni dhima. Mkataba unasema zisipotumika zinarudi, kwa hiyo bado ni deni, hata kama salio la benki linapendeza. Hili mnalijua, twende.

Hapa ndipo pagumu. Mikataba inaruhusu ovahedi, yaani sehemu ya kugharimia ofisi: kodi ya pango, mhasibu, umeme. Maji asilimia 10, Elimu 7, Afya 10. Asilimia 10 ya nini? Si ya fedha zilizoingia! Ni ya gharama za moja kwa moja ulizokwisha kutumia. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilikata ovahedi yote siku fedha zilipoingia, nikalipia pango. Mradi ukaisha fedha nyingi hazijatumika, mfadhili akadai salio pamoja na ovahedi yake. Pango lilikwisha kuliwa. Kwa hiyo narudia: matumizi kwanza, ovahedi baadaye.

Mwezi huu Maji wametumia 10,000, ndani yake kuna pampu ya 2,000. Soma mkataba: wafadhili wengi hawakubali ovahedi juu ya vifaa vikubwa, na fedha za serikali kuu ya Marekani ni mfano mmojawapo. Toa pampu, inabaki 8,000. Elimu wametumia 6,000, hakuna cha kutoa. Afya hawajaanza, basi sifuri. Fomula, B ni matumizi, C ni yasiyohesabiwa, D ni asilimia:

```
=(B2-C2)*D2
```

Maji 800, Elimu 420. Jumla 1,220.

Sasa tunatambua mapato. Punguza dhima kwa matumizi pamoja na ovahedi: Maji 10,800, Elimu 6,420. Debiti dhima, krediti mapato ya ruzuku, kwenye msimbo wa mradi. Pampu imo humu, maana mfadhili anailipia. Haimo tu kwenye hesabu ya asilimia.

Kisha ovahedi yenyewe. Debiti "mchango wa gharama za ofisi" kwenye mradi, krediti "gharama za ofisi zilizorejeshwa" kwenye mfuko wa jumla wa shirika. Msiandike "mapato ya ruzuku" kwenye mfuko wa jumla. Nasema tena, msiandike! Ruzuku imeshaingia mara moja kule kwenye mradi. Ukiiandika na huku, shirika linaonekana limepokea zaidi ya lilichopokea, na mkaguzi atakuuliza zimetoka wapi.

Mwisho, hamisha 1,220 kutoka benki ya miradi kwenda benki ya jumla. Kisha jaribio ninalolipenda kuliko yote: salio la benki ya miradi lilingane na jumla ya dhima. Dhima ni 49,200 na 33,580 na 20,000, yaani 102,780. Benki inasema... 102,580. Ngojeni. Pungufu 200. Msizime, tutafute pamoja.

Mia mbili... ni asilimia 10 ya pampu! Kwenye hati ya uhamisho nimeandika Maji 1,000 badala ya 800. Mdomo umesema toa pampu, mkono umeiacha. Mfuko wa jumla unarudisha 200. Sawa, sasa benki 102,780.

Lakini angalieni: kama ningekosea 1,000 pale kwenye dhima pia, benki na dhima vingelingana na nisingegundua kitu. Jaribio hili linakamata kutofautiana, halikamati kosa lililorudiwa. Ndiyo maana safu ya C mimi huijaza kwa mkono, vocha moja moja, kikombe cha chai pembeni.

Kama uhamisho wa benki umechelewa, benki itakuwa 104,000. Ile 1,220 ya ziada ni deni la miradi kwa mfuko wa jumla, iandike hivyo. Kinyume chake, benki ikiwa chini ya dhima na si kosa la hati kama langu, huenda kuna mtu amelipia ofisi kwa fedha za Afya, na Afya hawajatumia hata senti.

Ukitoa taarifa ya shirika zima, ule mchango na yale marejesho ya 1,220 yafutane. Taarifa ya mradi anayopelekewa mfadhili wa Maji, hiyo inabaki na 800 yake kwenye mstari wake.