Nani Alicheka? Mhadhara kwa wanagenzi kuhusu kuendesha na kunasa mjadala wa kikundi

Hamjambo. Niliombwa niwaeleze jinsi ya kuongoza mjadala wa kikundi, lakini mtanisamehe, muda mwingi nitaumaliza kwa yule anayekaa pembeni na daftari. Wiki yenu ya kwanza daftari hilo mtapewa nyinyi, na mtaliona kazi ya bure kwa sababu kinasa sauti kipo mezani.

Mimi niliiona hivyo. Nilipokuwa mwanagenzi kwenye shirika moja hapa Nairobi, tulikwenda Mukuru kwa Reuben kuzungumza na akina mama wanane kuhusu maji, ndani ya kanisa la mabati. Mwenzangu aliongoza, mimi nikaandika yaliyonivutia tu, nikijua mengine yamenaswa. Kesho yake nikaketi kusikiliza. Kuna mahali sauti moja inasema, "Maji siku hizi yapo, hakuna shida." Mtu anacheka. Halafu kimya, kisha mazungumzo yanahamia vyoo. Nikaandika kwenye ripoti: washiriki walikubaliana kwamba maji yanapatikana.

Msimamizi wangu aliuliza mawili tu. Nani alisema? Nani alicheka? Sikujua. Mwenzangu ndiye aliyekumbuka: aliyesema ni mama anayeuza maji kwenye kibanda pale pale mtaani. Aliyecheka ni jirani yake, na wengine walikuwa wameangalia sakafu. Sasa wangesema nini mbele ya mtu ambaye jioni watampelekea mtungi awajazie?

Kosa la kwanza lilitokea siku tulipoalika watu. Hatukuuliza nani anauza na nani ananunua, na wawili hao hawaketi kikao kimoja. Mzee wa mtaa akikuletea majina, mshukuru, kisha uulize kila mmoja anafanya kazi gani. Kosa la pili lilikuwa daftari langu.

Tangu hapo nafanya hivi. Kabla ya swali la kwanza nachora duara kwenye ukurasa mzima, kila aliyeketi nampa nambari, 1 hadi 8, na pembeni ya duara naweka alama mahali mlango ulipo na ni nani anachungulia. Majina siandiki. Kisha mwezeshaji anaomba ruhusa ya kunasa, na hili si adabu tu, maana Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na sauti ya mtu inaweza kumtambulisha. Mmoja akikataa, tunazima kifaa na wawili wetu tunaandika. Wakikubali, tunawasha na kila mmoja anataja nambari yake na chakula alichopika jana. Wanacheka, wanalegea, na wewe umepata mfano wa kila sauti utakaokuokoa utakapokuwa unayanakili maneno yaliyonaswa.

Baada ya hapo, usijaribu kuandika kila neno. Andika dakika inayoonekana kwenye kinasa sauti, nambari ya msemaji, na maneno yake matatu ya kwanza. Kwa mfano: "23:10, namba 5, maji siku hizi. Namba 6 acheka. 2, 3, 8 wainama." Mstari huo mmoja ungenizuia kuandika ule uongo. Na mwezeshaji anaweza kukusaidia kwa kuyapa sauti mambo ambayo kifaa hakiyaoni: "Naona namba tatu unatikisa kichwa, mama, kwako ikoje?" Lakini akiona macho yameshuka kama siku ile, asimlazimishe mtu; wewe andika, yeye aulize siku nyingine.

Mvua ikianza kupiga mabati, simameni mnywe chai. Nimewahi kupoteza dakika arobaini nikijidai sauti itasikika.

Mkitoka, msikimbilie matatu. Ketini hapo hapo nusu saa, mwezeshaji na mwandishi, mlinganishe mlichokiona wakati bado mnazikumbuka sura. Kunakili ni kesho, na jipeni muda: saa moja ya watu wanane wanaokatizana inaweza kula siku nzima. Mtu akisema "maji imeisha", acheni vivyo hivyo. Kiswahili chake si cha kusahihishwa. Na msiandike asilimia. Watu wanane mliowachagua wenyewe hawawezi kuwaambia ni wangapi mtaani wana shida; wanawaambia shida ikoje.

Tulirudi Mukuru baada ya wiki mbili, wanunuzi peke yao. Swali lilikuwa lile lile. Mama mmoja, namba 4 safari hii, alisema mtungi wa lita 20 unaonunuliwa shilingi tano mfereji ukitoka, hufika ishirini ukikauka, na anayelalamika huambiwa foleni yake imepita. Nikauliza kama siku hizo za kukauka ni nyingi. Wengine watatu walijibu kwa pamoja, na nikawa na nambari za wote watatu.