Jouli 83 zimekwenda wapi?

Asanteni kwa kunialika hapa Tononoka. Utangulizi nitaukata, maana ukumbi umejaa na feni ni chache.

Chukueni hewa hii tunayoivuta, nyuzi 27 hivi, yaani kelvini 300. Tuseme ni nitrojeni tupu, kwa kuwa sehemu kubwa ya hewa ndiyo hiyo. Moli moja yake, yaani fungu lenye idadi ileile ya molekuli kwa gesi yoyote, hapa gramu 28, kwa presha ya kawaida ya hapa pwani hujaza lita 24.6. Tunataka kuipasha ipande nyuzi 10. Tukiifungia ndani ya chombo kigumu kisichotanuka, inataka jouli 208. Tukiitia ndani ya silinda yenye pistoni inayoteleza bila kukwama, inataka 291. Gesi ni ileile na nyuzi ni zilezile. Hizo jouli 83 za ziada zimekwenda wapi?

Wengi darasani hujibu kwamba molekuli zimepata nafasi kubwa zaidi, kwa hiyo zinahitaji nishati zaidi ya kuijaza. Jibu linavutia, lakini si sahihi. Tupige hesabu kwanza. Pistoni yetu ina eneo la mita mraba 0.1, na anga lililo juu yake linaikandamiza kwa nguvu ya nyutoni 10,130 hivi. Huo ni uzito unaopita tani moja kidogo, ingawa hatuuoni. Gesi ikitoka kelvini 300 hadi 310, ujazo wake huongezeka kwa sehemu moja ya thelathini, na pistoni hupanda milimita 8.2. Zidisheni nguvu kwa umbali: jouli 83. Gesi imelinyanyua anga, na kazi hiyo imelipiwa kutoka kwenye joto mlilolitia.

Sasa badilisheni nitrojeni muweke heli. Ndani ya chombo kigumu moli ya heli inataka jouli 125 tu kwa nyuzi 10. Kwenye silinda inataka 208. Tofauti ni 83 tena! Ni kama ushuru wa bandari usioangalia mzigo: moli yoyote ya gesi hulipa jouli 8.3 kwa kila nyuzi moja, iwe nyepesi au nzito, kwa sababu kutanuka kwake kunategemea idadi ya molekuli, si aina yake. Kiasi hicho ndicho R, na ndiyo maana tunaandika Cp − Cv = R: Cp ni jouli za kupasha moli moja nyuzi moja kwenye silinda yenye pistoni, na Cv ni zile za ndani ya chombo kigumu.

Kinachotofautiana ni gharama ya msingi, ile 125 dhidi ya 208. Heli ni atomu moja moja. Inaweza kwenda mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini: digrii tatu za uhuru, na kila moja huchukua nusu ya R. Nitrojeni ni atomu mbili zilizoshikana, kwa hiyo zaidi ya kwenda inaweza pia kujizungusha kwa namna mbili. Jumla ni tano, na 5/2 ya R ni jouli 20.8 kwa nyuzi. Mtu makini atauliza: mbona atomu hizo hazitetemi kama zilizounganishwa kwa springi? Zinaweza, lakini mtetemo haupokei nishati kidogo kidogo. Hupokea fungu zima au haupokei kitu. Kwa nitrojeni fungu hilo ni kubwa mno kwa joto la Mombasa. Huanza kuonekana kwenye hesabu gesi ikifika mamia kadhaa ya nyuzi, na hapo Cv hupanda polepole. Fizikia ya karne ya 19 ililiona tatizo hili bila kuweza kulieleza.

Nirudi kwenye lile jibu la nafasi. Mwaka 1845 James Joule alichukua vyombo viwili vya shaba vilivyounganishwa kwa bomba lenye koki, kimoja kikiwa na hewa iliyoshindiliwa, kingine kitupu, akavizamisha ndani ya maji. Akafungua koki. Hewa ikatanuka kuingia kwenye utupu, na kipimajoto kwenye maji hakikuonyesha badiliko. Kama nafasi yenyewe ingekuwa na gharama, hewa ingepoa na maji yangepoa nayo. Lakini humo hapakuwa na pistoni ya kusukuma, basi hapakuwa na cha kulipa.

Tahadhari moja kwa watakaolirudia jaribio hilo maabarani: maji na shaba hubeba joto jingi kuliko hewa, hivyo badiliko dogo humezwa. Baadaye Joule na William Thomson waliipitisha gesi kwenye kizibo chenye vitundu vidogo, wakapima upande wa pili, na hewa ilikuwa imepoa kidogo kweli. Molekuli halisi huvutana, na kuziachanisha kuna gharama ndogo. Kwa hewa ya ukumbi huu gharama hiyo haifiki hata asilimia moja ya R. Kwa gesi iliyoshindiliwa hadi kukaribia kuwa kimiminika, msiitumie Cp − Cv = R kabisa.