Mshahara umekaa pale pale, mafungu ya daftari lazima yasogee

Assalamu alaykum walimu wangu, shikamooni wakubwa, na ahsanteni kuja mchana huu na jua lote hili la Wete. Nimeombwa nizungumze habari ya mshahara usiopanda na bei zinazopanda, na mie nitazungumza kwa daftari la nyumbani kwangu kwa sababu ndilo ninalolijua, hesabu nimezizungusha kidogo zisitusumbue lakini mambo ndo yalivyokuwa.

Sie nyumbani tuko watu sita, mshahara unaoingia mkononi baada ya makato ni 600,000, na umekaa hivyo hivyo miaka minne. Mwaka wa kwanza tulikaa na mume wangu tukagawa mafungu: chakula 270,000, umeme na maji na gesi 50,000, nauli 60,000, skuli na chuoni kwa watoto 50,000, simu 20,000, mkopo 80,000, akiba 40,000, na yale ya mwisho 30,000 tukayaita matengenezo na dawa. Yakatimia 600,000 na tulifurahi kwelikweli, kwa mara ya kwanza kila shilingi ilikuwa na kazi yake. Kosa letu likawa tumeyaandika mafungu yale kama kwamba yatakaa hivyo milele, na hatukuandika kitu kimoja ambacho leo ndo nakishika kuliko vyote, yaani tunanunua kiasi gani cha kitu gani. Tuliandika shilingi tu, hatukuandika kilo.

Mwaka wa nne nikaanza kuona deni dukani. Kila mwezi linaongezeka 25,000 hivi, na mie nnajiuliza pesa zinakwenda wapi maana hatukuongeza anasa yoyote. Basi siku moja ya Ijumaa nikakaa na daftari nikafanya hesabu ambayo ndiyo nataka mwondoke nayo hapa, nayo ni hii: chukua vitu vile vile, kiasi kile kile ulichonunua mwaka wa kwanza, kwa kukumbuka kama hukuandika, uvitie bei ya leo, fungu kwa fungu. Usiulize umetumia ngapi mwezi uliopita, kwa sababu ulichotumia mwezi uliopita tayari umeshajinyima humo bila kujijua. Uliza, maisha yale ya mwaka wa kwanza leo yangekuwa bei gani?

Kwetu chakula kile kile kilitaka 351,000, umeme na maji na gesi 60,000, nauli 75,000, skuli na chuoni 60,000, simu pale pale, mkopo pale pale, akiba ili iwe na nguvu ile ile 50,000, na matengenezo na dawa 39,000. Jumla 735,000. Mshahara 600,000. Pengo 135,000, na katika pengo hilo 81,000 ni chakula peke yake, zaidi ya nusu.

Hapa kuna kitu watu wengi wanachanganya. Bei zangu zimepanda asilimia 22 na nusu, lakini si kwamba mshahara umepoteza asilimia 22 na nusu. Gawa 600,000 kwa 735,000 utapata kama 0.82, yaani mshahara wangu leo unanunua asilimia 82 ya ulichokuwa ukinunua, ni sawa na mtu aniambie mwaka ule wa kwanza kuwa kuanzia leo nitakulipa 490,000. Na ukitazama mwaka mmoja mmoja ni asilimia 5 na kidogo tu, ndo maana hatukushtuka, mtu akikukata 110,000 siku moja utapiga kelele, akikukata kidogo kidogo miaka minne unasema mambo magumu tu siku hizi.

Mtu ataniambia Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali inatoa mfumko wa bei kila mwezi, kwa nini nisichukue namba ile. Namba ile ni ya kweli na isomeni, lakini ni wastani wa kaya nyingi, kapu lake lina vitu ambavyo wewe hununui na lina wanaotumia kwa chakula sehemu ndogo kuliko wewe. Nyumba ambayo karibu nusu ya mshahara inaingia jikoni, na mchele wake mwingi umekuja kwa meli, inaumia zaidi bei ya chakula ikipanda mbele ya vitu vyengine. Mnakumbuka 2022 vita vya Ukreni vilipoanza, ngano na mafuta vikapanda dunia nzima na sie huku Pemba tukaona kwenye boflo.

Na boflo lenyewe, ngoja niseme. Mie nilishikilia kuwa boflo halijapanda, bei ni ile ile. Mwanangu mkubwa akalipeleka kwenye mzani wa dukani, gramu 200, na daftari la mwanzo, kwa bahati tu, nilikuwa nimeandika gramu 250. Bei ile ile kwa gramu 200 badala ya 250 maana yake kila gramu imepanda asilimia 25. Sasa hebu pimeni na sabuni, pimeni na pakti ya biskuti, kuna vitu vinapanda kwa kupungua na daftari la shilingi halitavikamata.

Sasa lile pengo la 135,000 tulilizibaje kabla ya kujua kama lipo? Hapo ndo pananiuma. Deni dukani 25,000, chakula tulijipunguza kama 21,000, na zilizobaki zote zilitoka kwenye akiba na matengenezo, mafungu yote mawili yalikuwa sifuri. Hakuna siku tuliyokaa tukasema tunaifuta akiba. Ni kwamba mchele unadai, nauli inadai kila asubuhi, skuli inadai, bati haidai. Mfumko wa bei haukutoki pale ulipopanda, unakutoka kwenye fungu lililo kimya. Kwetu bati tatu za upande wa jikoni zilikuwa zinavuja kwenye misumari, kubadilisha ilikuwa kazi ya siku moja, tukasema mwezi ujao, tukasema baada ya sikukuu, masika mbili zikapita, maji yakaingia kwenye boriti, boriti ikaoza na fundi aliponiita juu niione nikaigusa kwa kidole ikaingia kama muhogo uliochemka. Ikabidi boriti mbili na bati kumi na moja. Kwa hiyo mie nasema mfumko ule wa chakula niliulipa kwa paa.

Basi tulipanga upya, na hatukukata kila fungu asilimia sawa, hilo msilifanye, kwa sababu mkopo haukatiki na ada haikatiki, ukigawa sawa sawa unarudi pale pale kuumiza mafungu ya kimya. Tulianza jikoni kwa sababu ndipo pengo lilipo, na tulianza na kiasi si na bei. Mchele tulikuwa tunakula kilo 45 kwa mwezi. Tukasema siku tatu za wiki chakula cha usiku ni muhogo, majimbi, ndizi, shelisheli likiwepo, mchele ukashuka hadi kilo 36, na kilo 9 kwa bei ya 2,800 ni 25,200, ukitoa za muhogo kama 10,000 unabaki na 15,000. Mafuta tulikuwa tumeteleza bila kujua, tulikuwa tunanunua robo lita kwa 1,500 kwa sababu pesa ndo iliyopo mkononi, ambayo ni 6,000 kwa lita, na dumu la lita tano lilikuwa 25,000, yaani 5,000 kwa lita. Nyumba inatumia lita tano kwa mwezi, kwa hiyo umaskini wa mkononi ulikuwa unatugharimu 5,000 kila mwezi. Sasa dumu ndo la kwanza kununuliwa siku ya mshahara, kabla hata ya kumlipa mtu. Sukari tukapunguza, vitu vidogo vyengine tukapunguza, chakula kikasimama 320,000. Maziwa ya mtoto mdogo na samaki hatukugusa, na nyie msiguse.

Nauli tukaishusha hadi 66,000 kwa kutembea kipande cha mwisho, umeme na maji na gesi 55,000, simu 12,000. Mkijumlisha na skuli na mkopo ni 593,000. Yaani baada ya jasho lote hilo zimebaki 7,000, tukaziweka kwenye kopo la dawa. Deni la duka haliongezeki tena, lakini akiba bado hakuna, nakwambieni kweli.

Kilichotutoa ni mkopo. Tazameni, katika mafungu yote nane mkopo na simu ndo pekee hayakupanda, na mkopo una mwisho, ulikuwa umebakiza miezi minane. Kabla haujaisha tuliandika kwenye daftari, kwa kalamu nyekundu, zile 80,000 zinakwenda wapi: ukizijumlisha na zile 7,000 unapata 87,000, basi 39,000 matengenezo na dawa, na 48,000 akiba. Tuliandika mapema kwa sababu pesa ya mkopo uliokwisha bila jina inaliwa na jikoni mwezi ule ule. Na katikati hapo nlipigiwa simu mara mbili kuambiwa nna sifa ya kuongeza mkopo, mwalimu mwenzangu mmoja hapa aliongeza na leo fungu lake la mkopo ni 140,000 kwa mshahara ule ule. Mimi nilikataa.

Akiba yenyewe tumebadilisha kipimo. Tunataka kuongeza chumba, kwa hiyo hatuhesabu tena shilingi, tunahesabu matofali, kila miezi mitatu pesa inatoka inakuwa matofali yamepangwa uwani. Pesa ya ugonjwa tu ndo inabaki pesa.

Mwalimu pale nyuma ameniuliza mpango huu utadumu miaka mingapi, na ni suali zuri. Ukiondoa mkopo sie tunatumia 513,000, na yote hayo karibu yanapanda. Asilimia 5 ya hapo ni kama 26,000 kwa mwaka. Akiba ni 48,000. Kwa hiyo mshahara usiposogea, chini ya miaka miwili akiba inakuwa imeliwa tena, hata nisipokosea kitu. Kupanga mafungu kunanipa muda huo, si zaidi. Ndo maana mwaka huu msimu wa karafuu mie na watoto wakubwa tunakwenda kuchuma siku za mapumziko, tunalipwa kwa pishi, na pesa hiyo haiingii jikoni, na kila Mfunguo mosi baada ya sikukuu tunalifungua daftari tunatia bei mpya kwenye kilo zile zile. Deni la duka likiongezeka hata 5,000 miezi miwili mfululizo hatungoji Mfunguo mosi, tunakaa usiku ule ule.